Theluthi ya Ziada: Monita Pana na Jasho la Kadi ya Michoro

Monita pana ya inchi 34 ina kimo kilekile cha monita ya kawaida ya inchi 27. Ziweke mezani bega kwa bega na utaona kingo za juu zinalingana. Kilichoongezeka ni upana tu, kipande kushoto na kipande kulia. Kwa sababu hiyo watu wengi huinunua wakidhani wameongeza nafasi tu, kama mtu aliyepanua meza. Kisha wanafungua gemu waliyoizoea, na gari lililokuwa likiteleza barabarani jana leo linasuasua kwenye kila kona.

Monita haina kosa. Kadi ya michoro imeongezewa kazi bila kuongezewa nguvu. Monita ya inchi 27 inayotumiwa na wachezaji wengi ina pikseli 2560 kwa upana na 1440 kwa kimo, yaani nukta 3,686,400 za rangi. Ile pana ina 3440 kwa 1440, yaani nukta 4,953,600. Tofauti ni pikseli 1,267,200, theluthi moja na ushee, na zote zinapaswa kukokotolewa upya kila picha inapobadilika. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde itadai pikseli milioni 76 za ziada kila sekunde.

Lakini theluthi hiyo haiigusi kila kazi ya kompyuta kwa usawa. Zipo kazi zinazokua sawasawa na idadi ya pikseli, zipo zinazokua kidogo, na zipo ambazo hazijui kabisa kama skrini ni pana au nyembamba. Anayezijua kazi hizi hupunguza mambo matatu au manne na gemu yake ikarudi kuteleza huku macho yakikosa kuona tofauti. Asiyezijua hushusha kila kitu hadi chini, akaishia na monita ya bei kubwa inayoonyesha gemu ya sura mbaya.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kuacha kuhesabu fremu kwa sekunde na kuanza kuhesabu muda wa fremu moja. Fremu 60 kwa sekunde maana yake ni kwamba kompyuta ina milisekunde 16.7 za kumaliza picha moja. Kwa fremu 100 ina milisekunde 10 tu. Hesabu hii ni ya kweli zaidi kwa sababu kila kazi ndani ya picha ina gharama yake ya milisekunde, na gharama hizo hujumlishwa. Kivuli kinakula kiasi fulani, ukungu kiasi fulani, mwakisiko wa taa kwenye maji kiasi kingine. Ukipita bajeti, fremu inachelewa, na jicho linaona mkwamo.

Mfikirie fundi rangi anayekuja kupaka ukuta. Kuleta ngazi, kufungua ndoo na kuchanganya rangi kunamchukua muda uleule, ukuta uwe mfupi au mrefu. Kupaka kwenyewe ndiko kunakorefuka ukuta unaporefuka. Ndivyo ilivyo kwa kadi ya michoro. Kuandaa maumbo ya majengo na watu, na kuchora ramani za vivuli kutoka upande wa jua, ni kazi za ngazi na ndoo. Upana wa skrini haujazibadilisha sana. Lakini kukokotoa rangi ya kila nukta, mwanga unaoigonga, ukungu uliopo kati yake na macho, na taswira inayoakisiwa juu yake, huko ndiko kupaka. Kwa hiyo gemu ikihamishiwa kwenye monita pana kwa kawaida haipungui kasi kwa kiwango chote ambacho hesabu ya pikseli ingetabiri, ingawa hukaribia hapo kadiri unavyopandisha ubora wa mwanga.

Tuchukue mfano wa namba. Tuseme una kadi ya daraja la kati, na unacheza Cyberpunk 2077, gemu yenye kipimo chake cha kasi ndani yake, kwenye monita ya 2560 kwa 1440. Tuseme unapata fremu 70 kwa sekunde, yaani milisekunde 14.3 kwa fremu. Kati ya hizo, chukulia kwamba milisekunde 11 zinakwenda kwenye kazi za pikseli, na 3.3 kwenye kazi zisizojali upana. Ukihamia kwenye monita pana, zile 11 zinazidishwa kwa 1.34 na kuwa 14.8. Ongeza zile 3.3 na utapata milisekunde 18.1, yaani fremu 55 kwa sekunde. Kutoka 70 hadi 55: si msiba, ila unahisi.

Sasa utaanzia wapi kupunguza? Anza na vitu vinavyolipwa kwa kila pikseli na ambavyo huvioni sana unapokuwa unakimbia. Katika gemu hii cha kwanza ni `Screen Space Reflections Quality`, yaani ubora wa miakisiko kwenye sakafu na barabara zenye maji. Kiwango chake cha juu kabisa, kiitwacho `Psycho`, kinatoza kadi sana kwa faida ndogo, na hata kukishusha kutoka `Ultra` hadi kiwango cha kati ni vigumu kuona ulichopoteza mpaka usimame na kukodolea macho dimbwi. Cha pili ni `Volumetric Fog Resolution`, ukungu wenye kina, ambao kwa asili yake ni kitu chenye ukungu. Ukiupunguza usahihi wake haulii. Cha tatu ni mawingu, `Volumetric Cloud Quality`, na cha nne ni `Ambient Occlusion`, kile kivuli laini kwenye pembe na chini ya meza. Mwanga unaofuatwa mwale kwa mwale, yaani ray tracing kama menyu zinavyouita, una sura yake mwenyewe: kila pikseli hutuma mwale wake au zaidi, hivyo theluthi ya pikseli za ziada ni theluthi ya miale ya ziada. Kwenye kadi ya kati na monita pana mimi ningeuzima kabisa kabla sijagusa kitu kingine.

Tuseme mabadiliko yale manne yameokoa milisekunde 3.1 kwa jumla. Fremu sasa inachukua milisekunde 15, na umerudi kwenye fremu 66 au 67 kwa sekunde. Karibu umefika ulipokuwa kabla ya kubadilisha monita, na ubora wa nyuso, nguo na kuta haujaguswa.

Kuta na nguo nimezitaja makusudi, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho watu wengi hukishusha ni ubora wa `Textures`, ile picha iliyobandikwa juu ya kila umbo, na ndicho kitu cha mwisho kinachostahili kushushwa. Picha hizo hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi, na ukubwa wao haubadiliki kwa sababu umenunua monita pana. Pikseli za ziada zinahitaji nafasi, ni kweli, lakini hata ukihesabu picha zote za kati ambazo kadi huzichora kabla ya kukuletea moja, nyongeza haizidi sana megabaiti mia kadhaa. Kama kadi yako ina gigabaiti 12, hutaisikia. Kama ina 8 na gemu tayari ilikuwa imeijaza, hapo nyongeza hiyo inaweza kuwa tone la mwisho, na dalili zake ni tofauti na dalili za kadi iliyochoka: wastani wa fremu ni mzuri, kisha ghafla kunakuja mkwamo mkali unapogeuka au unapoingia mtaa mpya, na kuta zinaonekana zimepauka kwa sekunde moja mbili kabla ya kupata sura yake. Ukiona hayo, shusha `Textures` ngazi moja. Usipoyaona, ziache.

Baada ya hapo kuna silaha kubwa kuliko zote, nayo ni kuchora picha ndogo na kuikuza. DLSS ya NVIDIA, FSR ya AMD na XeSS ya Intel zote hufanya kazi hiyo: gemu inachorwa kwa pikseli chache, kisha programu inatumia fremu zilizopita kujaza kilichokosekana. DLSS inahitaji kadi za RTX. FSR matoleo ya 2 na 3 hufanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine, jambo linalomsaidia mwenye kadi ya zamani. Katika hali iitwayo `Quality` ya DLSS na FSR, kila upande hugawanywa kwa moja na nusu, hivyo skrini ya 3440 kwa 1440 huchorwa kwa 2293 kwa 960. Hizo ni pikseli milioni 2.2, chini ya nusu ya zile za mwanzo, na bado ni nyingi kidogo kuliko za skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Kwa maana hiyo kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya skrini hiyo ndogo inaweza kubeba monita pana kupitia mlango huu.

Ukishuka hadi hali ya `Performance`, picha ya ndani inakuwa 1720 kwa 720, na hapo nyaya za umeme za mbali, nyavu za uzio na nywele huanza kutetemeka na kuacha mikia. Kwenye monita pana kasoro hizi huonekana zaidi pembeni unapogeuza kamera, kwa kuwa vitu vya ukingoni hupita kwa kasi na vingine ndiyo kwanza vinaingia kwenye picha. Programu haina historia yao ya kujifunza. Mimi huishia `Quality`, au `Balanced` pakibana sana.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kazi za pikseli zilikuwa zimebaki milisekunde 11.7. Kwa `Quality` zinashuka hadi karibu 5.2, unaongeza ile 3.3 isiyobadilika na takribani milisekunde moja ya kazi ya kukuza picha yenyewe. Jumla 9.5. Kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya fremu 100 kwa sekunde. Unawasha, unaangalia, na namba inasimama kwenye 80. Hata ukienda `Performance`, ni 80 ileile.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na hapa ndipo upana una ujanja wake wa pili. Gemu nyingi za kisasa zinapopewa skrini pana hazivuti picha. Zinafungua pembe ya kuona. Gemu iliyokuwa ikikuonyesha nyuzi 90 kutoka kushoto hadi kulia kwenye monita ya kawaida itakuonyesha karibu nyuzi 107 kwenye ile pana, kimo cha kuona kikibaki palepale. Katika kina chochote utakachochagua, mtaa unaoonekana umekuwa mpana kwa theluthi. Watu waliokuwa nje ya picha, ambao gemu ilikuwa haijisumbui kuwachora, sasa wamo ndani. Magari yao yamo, vivuli vyao vimo. Na kabla kadi haijachora chochote, prosesa ndiyo inayopaswa kuamua nini kinaonekana, kukipanga, na kuituma kazi hiyo kwa kadi, kitu kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo prosesa nayo imeongezewa mzigo, na kwa kuwa mzigo huo haupimwi kwa pikseli, kupunguza pikseli hakuusaidii hata kidogo.

Namna ya kutambua ni rahisi. Programu ya bure kama MSI Afterburner, pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, itakuonyesha juu ya gemu asilimia ya matumizi ya kadi. Ikikaa kwenye 97 hadi 99, kadi ndiyo inayokuzuia, na kila pikseli utakayoiokoa itakulipa. Ikishuka hadi 75 au 80 huku fremu zikiwa hazipandi, kadi inasubiri kuletewa kazi na tatizo liko kwa prosesa. Dawa ya hapo ni nyingine: punguza `Crowd Density`, yaani wingi wa watu mtaani, punguza umbali wa kuchora vitu, na gemu ikiwa na kidhibiti cha pembe ya kuona, `Field of View`, kirudishe nyuma nyuzi chache. Kidhibiti hicho kina faida ya pili. Namna gemu zinavyotandaza dunia juu ya skrini bapa huvuta vitu vya pembeni, na katika nyuzi 107 kitu kilicho ukingoni kabisa huvutwa kuelekea nje karibu mara tatu ya kilicho katikati. Mtu mwembamba anageuka pipa. Ukiibana pembe kidogo, unamponya yeye na prosesa kwa pamoja. Angalia tu kama gemu yako inahesabu pembe hiyo kwa upana au kwa kimo, maana namba ileile humaanisha vitu viwili tofauti kabisa.

Ukitaka kujua upana wenyewe unakugharimu kiasi gani, kuna kipimo kizuri kuliko kubahatisha. Fungua programu ya kadi yako, weka picha isivutwe kujaza skrini, kisha chagua 2560 kwa 1440 ndani ya gemu. Utapata picha ya kawaida katikati na pande mbili nyeusi, kila moja ya pikseli 440. Endesha kipimo cha gemu, andika milisekunde, rudi kwenye 3440 na urudie. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo bei ya zile pande mbili, kwa kompyuta yako, kwa gemu hiyo. Zikikaribiana sana, usihangaike na ukungu wala miakisiko; shida yako iko kwa prosesa.

Sasa, tuseme umefika kwenye fremu 80. Kinachobaki ni kuzifanya ziwe laini, na ulaini si kitu kimoja na wingi. Fremu 80 ambazo baadhi zinachukua milisekunde 9 na nyingine 25 zinaonekana vibaya kuliko fremu 65 zinazokuja kwa mdundo mmoja. Kwa hiyo tazama pia namba iitwayo `1% low`, inayoeleza kasi ya fremu zako mbaya zaidi. Monita pana nyingi za wachezaji zina FreeSync au inaafikiana na G-Sync, yaani monita husubiri fremu iwe tayari badala ya kujionyesha kwa saa yake mwenyewe. Uwezo huo una mipaka, mara nyingi kuanzia 48 hadi kikomo cha juu cha monita. Kasi ikianguka chini ya 48, monita inayojimudu itaanza kuonyesha kila fremu mara mbili ili ibaki ndani ya mipaka. Isiyojimudu itakuonyesha mkwamo au picha iliyokatika katikati. Ndiyo maana lengo lisiwe wastani wa 55, kwani wastani huo huwa na fremu mbaya zinazogusa 45 na kuuvuka mpaka mara kwa mara.

Upande wa juu nao una mpaka. Monita ya Hz 100 ikilishwa fremu 110, kusubiriana kunakoma na picha inaanza kukatika tena, au kuchelewa kuitikia mkono wako. Weka kikomo kwenye RivaTuner au ndani ya gemu, fremu tatu hivi chini ya kasi ya monita: 97 kwa monita ya 100, 141 kwa ya 144. Katika mfano wetu, prosesa ikigota kwenye 80 na kuyumba hadi 72, mimi ningeweka kikomo 72 na kusahau. Kadi inapoa, feni zinatulia, na kila fremu inakuja kwa wakati wake. Zile fremu za kubuniwa ambazo DLSS 3 na FSR 3 huziingiza kati ya fremu halisi zitapandisha namba, lakini hazitafanya bunduki yako ifyatuke mapema. Zina maana pale tu kasi halisi tayari inazidi 60.

Usisahau pia jambo la aibu: kebo na Windows. Kompyuta nyingi huanza na Hz 60 hata kama monita ni ya 144, mpaka uingie `Advanced display` na kuchagua mwenyewe. Na tundu la HDMI 1.4 halibebi 3440 kwa 1440 kwa Hz 144, tumia DisplayPort.

Zipo gemu ambazo hakuna mpangilio utakaozisaidia. Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, haikubali skrini pana kabisa: inakuwekea pande mbili nyeusi na kukufungia kwenye fremu 60. Gemu nyingine nyingi hupanuka unapocheza, kisha zikifika kwenye video za hadithi zinarudi kwenye umbo la kawaida. Hapo robo ya skrini yako inalala, na hakuna la kufanya ila kusubiri hadithi iishe.

Kwa anayetaka kununua na bado hajanunua, hesabu ile ya mwanzo inatosha kumwongoza. Monita pana za kwanza, kama ile ya LG ya inchi 29 ya mwaka 2012, zilikuwa na pikseli 2560 kwa 1080, na aina hiyo bado ipo sokoni kwa bei ya chini. Hizo ni pikseli milioni 2.76 tu, pungufu ya monita ya kawaida ya 1440. Kadi inayohimili skrini ya 1080 vizuri itaihimili bila kulia sana. Kwa inchi 29 maandishi yake yanasomeka vizuri. Kwa inchi 34 utaanza kuhesabu nukta kwa macho. Upande mwingine kuna zile za 5120 kwa 1440, ambazo ni monita mbili za inchi 27 zilizounganishwa, pikseli milioni 7.4, karibu asilimia 90 ya mzigo wa 4K. Mwenye kadi ya daraja la kati atakayeileta hiyo nyumbani atacheza katika hali ya `Performance` kuanzia siku ya kwanza.